Kama Hahitaji Utambulisho, Umesimama Kufanya Nini?

Siku moja nilikaa viti vya nyuma kwenye mahafali ya kidato cha sita. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo, akasema, "Mgeni wetu rasmi wa leo hahitaji utambulisho." Makofi yakapigwa. Mbele yangu kijana akamgeukia mwenzake: "Kwani ni nani huyu?" Mwenzake akajibu, "Sijui, ila wanasema hahitaji utambulisho."

Mshereheshaji akaendelea dakika kama tano: mchapakazi hodari, mtu wa watu, gwiji, nguli, mbobezi katika fani yake, mzalendo wa kweli. Mgeni aliposimama, wale vijana wawili walikuwa bado hawajui anafanya kazi gani.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa karatasi au kuambiwa kwa simu, "Kesho wewe ndiye utakayemtambulisha mgeni." Unahitaji jioni moja, simu, kalamu na karatasi.

Kwa nini maneno yale hayasaidii

Ukisema mtu hahitaji utambulisho, unawagawa wasikilizaji mafungu mawili. Wanaomjua hujawaongezea kitu. Wasiomjua unawaambia kwa upole kwamba wamechelewa, wangepaswa kumjua kabla ya kuja. Na ukumbini wasiomjua hawakosekani: watoto, wageni kutoka mkoa mwingine, mke au mume aliyemsindikiza mwenzake, kijana aliyezaliwa miaka thelathini baada ya sifa za mgeni kuvuma redioni.

Sifa tupu nazo zina tatizo lao. "Mchapakazi" ni hukumu, na wewe umeitoa bila ushahidi. Msikilizaji hana cha kukiona, kwa hiyo hana cha kukikumbuka. Mwambie kwamba mama huyu alikuwa akifungua zahanati saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu basi la wagonjwa kutoka vijiji vya ng'ambo lilifika saa hiyo. Hukusema mchapakazi, na kila mtu amelisikia neno hilo kichwani mwake.

Kazi ya utambulisho ni kujibu maswali mawili tu: huyu ni nani, na kwa nini ni yeye anayezungumza nasi jambo hili leo. Maneno yasiyojibu mojawapo yaache mezani.

> KIPIMO CHA JINA
>
> Soma kila sentensi uliyoandika. Toa jina la mgeni, weka la mtu mwingine yeyote wa kazi ile ile. Sentensi ikiendelea kuwa ya kweli, ifute.
>
> "Ni mwalimu aliyejitolea kwa moyo wote." Inamfaa kila mwalimu. Futa.
>
> "Alifundisha Hisabati miaka kumi na moja katika darasa lisilo na ubao, akiandika kwa mkaa ukutani." Haimfai mwingine. Acha.

Hatua za kuandaa

1. Uliza mgeni anakuja kusema nini. Usianze kukusanya habari kabla ya kujua mada na wasikilizaji. Mtu mmoja ana maisha mengi ndani yake, nawe unahitaji kipande kimoja.

2. Kusanya ukweli zaidi ya unaouhitaji. Andika kama kumi hivi: mahali, miaka, vitu, idadi, watu aliofanya nao kazi, uamuzi mgumu alioufanya. Usichambue bado.

3. Hakikisha. Kila tarehe, kila cheo, na hasa kila neno "wa kwanza", "pekee" na "mpaka leo". Maneno hayo matatu ndiyo yanayoaibisha watambulishaji wengi kuliko mengine yote.

4. Chagua mambo mawili au matatu. Moja liwe la kumfanya aonekane, moja liwe la kumuunganisha na mada. La tatu likiwepo, liwe fupi.

5. Andika, kisha pima kwa saa ya simu. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, mwendo ule ule utakaoutumia ukumbini. Lenga dakika moja na nusu. Ikipita dakika mbili, punguza; usiongeze mwendo wa kusoma.

6. Mpigie mgeni au msaidizi wake. Msomee ulichoandika. Muulize jina linatamkwaje, cheo kipi kinatangulia, na kama kuna jambo asilopenda litajwe.

Hatua ya tatu na ya nne ndizo ngumu, kwa hiyo tuzipitie kwa mfano.

Mfano: kumtambulisha Filbert Bayi

Tuseme shule yenu ya sekondari ina siku ya michezo, na mgeni ni mkimbiaji wa zamani, Mzee Filbert Bayi. Asubuhi kumekuwa na mbio. Wanafunzi wako wamezaliwa baada ya mwaka 2005. Atazungumza nao kuhusu mazoezi na nidhamu.

Utambulisho wa mazoea ungekuwa hivi:

> "Mgeni wetu hahitaji utambulisho. Ni gwiji wa riadha, nguli aliyeipeperusha bendera ya taifa letu, mwanamichezo mahiri asiye na mfano, aliyeshinda medali nyingi na kuvunja rekodi nyingi duniani."

Pima kwa jina. Weka jina la mwanariadha mwingine yeyote mkubwa wa Kenya au Ethiopia: hakuna kinachobadilika. Hata "medali nyingi" na "rekodi nyingi" ni namna ya kukiri kwamba mtambulishaji hakuhesabu.

Sasa tukusanye. Alizaliwa mwaka 1953, Karatu. Mwaka 1973, kwenye Michezo ya Afrika jijini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Nyuzilandi, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka kwenye utepe. Aliyemfuata, John Walker, alikuwa mwenyeji akikimbia mbele ya watu wa kwao, naye pia alipita chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja na rekodi ya Ryun ya maili moja. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Pambano la Bayi na Walker lililosubiriwa dunia nzima halikufanyika. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Hayo ni mengi, na huo ndio utajiri unaoutaka kabla ya kuchagua. Lakini kwanza hakikisha, kwa sababu hapa pana mitego miwili ninayoisikia mara kwa mara.

Mtego wa kwanza: "alituletea dhahabu ya Olimpiki". Hapana. Ni fedha, tena katika mbio za viunzi na maji. Wengi hudhani ni katika zile mita 1,500 zilizompa jina. Mtego wa pili: "rekodi yake ya dunia haijavunjwa mpaka leo". Ile ya mita 1,500 ilivunjwa mwaka 1979 na Mwingereza Sebastian Coe. Iliyodumu ni nyingine: muda ule ule wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Madola mpaka mwaka 2022, ulipovunjwa Birmingham. Miaka 48. Angalia jinsi ukweli uliohakikiwa ulivyo mtamu kuliko ule uliotiwa chumvi. Na kumbuka mgeni mwenyewe amekaa hapo mezani anasikiliza. Ukimpa dhahabu ambayo hakuipata, ama akusahihishe mbele ya watu, ama anyamaze abebe uongo wako.

Sasa chagua. Wasikilizaji ni vijana waliokimbia asubuhi. Kususiwa kwa Montreal ni habari nzito, lakini inahitaji maelezo ya siasa ya miaka ya sabini, iache. Kingston na Lagos ziache pia, ingawa roho inauma. Bakiza Christchurch.

Lakini "dakika 3 na sekunde 32.2" kwa mtoto wa kidato cha pili ni namba tu. Ishushe mpaka kwenye miguu yake. Mita 1,500 ni mita mia moja mara kumi na tano. Gawanya: kila mita mia kwa sekunde 14 na ushei. Asubuhi hii wenyewe wamekimbia mita mia na muda wao umeandikwa kwenye daftari la mwalimu wa michezo. Hapo ndipo utakapowakamata.

> "Leo asubuhi baadhi yenu mmekimbia mita mia kwa sekunde 14, mkafika mmejishika magoti. Sasa fikiria hukusimama pale. Unakimbia mia nyingine kwa mwendo huo huo, na nyingine, mpaka zitimie kumi na tano.
>
> Februari 1974, mjini Christchurch, Nyuzilandi, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu alifanya hivyo. Siku zile mkimbiaji mjanja alijificha nyuma ya wenzake akingoja mzunguko wa mwisho. Yeye alitoka mbele mlio wa bastola uliposikika, na hakuna aliyempita. Ilikuwa rekodi ya dunia. Kwenye Michezo ya Madola muda wake ulikaa miaka 48 ndipo ukavunjwa.
>
> Amekuja kutueleza mazoezi ya namna gani humpa mtu ujasiri wa kutangulia. Tumkaribishe Mzee Filbert Bayi."

Ukikimbilia kuuliza "mbona hakuna sifa?", isome tena. Ujasiri umo, bidii imo, heshima imo. Hakuna aliyeambiwa avione, amevikuta mwenyewe. Neno "ujasiri" limetokea mara moja tu, mwishoni, likiwa tayari limelipiwa.

Jambo jingine la kuangalia ni jina. Limekuja mwisho kabisa. Sababu ni ya kiufundi: watu hupiga makofi wakisikia jina. Ukilitaja mwanzoni makofi yatakatiza maneno yako, na mwishoni hawatajua wapige lini. Kama jina limeshaandikwa kwenye bango ukutani, si kitu. Lisilotamkwa bado linangojewa.

Mgeni huyo huyo akizungumza na viongozi wa vyama vya michezo kuhusu siasa na michezo, utabadili kipande. Hapo Christchurch itakuwa sentensi moja, na uzito utauweka Montreal: mwanamume wa miaka 23, katika ubora wake, aliyesalia nje ya mbio zilizokuwa zikimngojea. Mtu ni mmoja, milango ya kuingilia kwake ni mingi.

Mgeni ambaye hayupo kwenye kitabu chochote

Bayi ni rahisi, kwa sababu mbio zake zimeandikwa. Kazi kubwa iko kwa mkunga mstaafu, fundi seremala wa mtaa, mama lishe aliyesomesha watoto sita. Hawa hawana wasifu wa kazi, na ukiwauliza "niambie sifa zako" watakujibu kwa unyenyekevu uliozoeleka.

Niliwahi kuombwa kumtambulisha mkunga mstaafu kwenye sherehe ya zahanati. Nikampigia simu jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza ninachotaka. Akacheka. "Mimi nina la kusemwa? Nimezalisha watu tu, basi."

Nikaacha kuuliza habari zake, nikauliza habari za chumba. Chumba cha kujifungulia kilikuwaje siku yako ya kwanza? Akanyamaza kidogo, kisha akaanza: kitanda kimoja, chemli moja, na chemli yenyewe mafuta yalinunuliwa na familia ya mzazi. Asiye na mafuta je? "Mimi nilikuwa na chupa yangu nyumbani. Nilikuwa naificha mume wangu asiitumie."

Hapo nikaweka kalamu chini. Chupa ya mafuta ya taa iliyofichwa ilinitosha. Kesho yake niliposema habari ya chupa ile, mzee mmoja upande wa wanaume akainama akicheka, na ukumbi wote ukajua mume ni yupi.

Siri iko kwenye swali. Uliza vitu na mahali, usiulize sifa. Maswali yanayonisaidia ni haya:

- Siku ya kwanza kazini ulikuta nini mezani au chumbani?
- Kifaa gani ulikitumia mpaka kikachakaa?
- Nani alikufundisha, na alikugombeza kwa kosa gani?
- Kitu gani ulikifanya ambacho hakikuwa kwenye kazi uliyoajiriwa?
- Watu wa hapa wanakuitaje?

Swali la mwisho ni dogo lakini lina mavuno. Jina la utani la mtaani mara nyingi lina kisa kizima ndani yake. Omba ruhusa tu kabla ya kulitamka hadharani, maana mengine yalitolewa kwa chuki.

Wapi watu hukosea

Kosa ninalolikuta zaidi ni kusoma wasifu kwa mpangilio wa miaka: alizaliwa, akasoma shule ya msingi, akachaguliwa kujiunga na sekondari, akaajiriwa, akahamishwa. Sisi tumeusikia mpangilio huo makaburini. Ukiuanza, watu wa nyuma wanaanza kutafuta jeneza. Mgeni yu hai. Anza pale maisha yake yanapogusana na shughuli ya leo.

Lingine ni kumwibia mgeni hadithi yake. Ukipata kisa kizuri sana wakati wa kumpigia simu, muulize: "Utakisimulia mwenyewe?" Akisema ndiyo, kiache. Hakuna mgeni anayependa kusimama na kuanza, "Kama alivyokwisha kuwaambia ndugu yangu hapa."

Kuna pia ukweli wa kweli usiopaswa kusemwa. Ugonjwa aliopona, talaka, kufukuzwa kazi, umaskini wa wazazi wake: hayo ni mali yake. Umaskini hasa hutumiwa vibaya, kwa sababu unaifanya hadithi iwe nzuri. Mtu anaweza kuwa amekuja na mama yake mzazi.

Na vyeo. Daktari wa hospitali, daktari wa falsafa, Profesa, Mhandisi, Alhaji, Mchungaji, Mheshimiwa: kila kimoja kina mwenyewe anayekingojea. Mimi niliwahi kusoma wasifu niliotumiwa na ofisi moja, kumbe ulikuwa wa miaka mitatu nyuma. Nilimtambulisha mgeni kwa cheo alichokwisha kukiacha, naye aliyekirithi alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Tangu siku hiyo sisomi karatasi niliyotumiwa kabla ya kupiga simu.

Itifaki je? Ukumbi mwingine hauwezi kuikwepa, na sikushauri upigane nayo. Maliza itifaki kwanza, pumua, ndipo uanze utambulisho kama jambo la pekee. Usizichanganye, kwa sababu mgeni atazama katikati ya majina ya wakuu.

> MANENO YA MAZOEA, NA SWALI LA KUJIULIZA BADALA YAKE
>
> *"Si mgeni machoni penu"*: Walimwona lini, akifanya nini?
>
> *"Ana uzoefu wa muda mrefu"*: Miaka mingapi, kwenye kazi gani hasa?
>
> *"Mtu wa watu"*: Nani humgongea mlango usiku, na kwa shida gani?
>
> *"Mbobezi"*: Wenzake humpelekea tatizo lipi likiwashinda?
>
> *"Mchango wake hauhesabiki"*: Jaribu kuhesabu. Visima vingapi? Wanafunzi wangapi?
>
> Ukikosa jibu kwa swali lolote, usilirudishe neno la mazoea. Acha nafasi hiyo wazi.

Kagua kabla ya kulala

☐ Nimelitamka jina kama mwenyewe anavyolitamka.
☐ Cheo nimekithibitisha leo.
☐ Kila "wa kwanza", "pekee" na "mpaka leo" nimelihakikisha au nimelifuta.
☐ Kuna angalau kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: chemli, mkaa, utepe.
☐ Sentensi ya mwisho kabla ya jina inataja mada.
☐ Jina ni neno la mwisho.
☐ Nimesoma kwa sauti, hazikupita dakika mbili.
☐ Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, upande mmoja.

Ukumbini, ukitaja jina, usikimbilie kiti chako. Anzisha makofi, baki hapo hapo mpaka mgeni akufikie, mpe mkono, mwachie kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Kisha ondoka kwa upande ambao hutampita mbele, na karatasi yako uondoke nayo.